Karatasi nne zilizomchanganya mtunza nyumba mpya: kisa cha nyumba ya chokaa, Mkomani

Nyumba yenyewe iko Mkomani, ndani ya mji wa kale wa Lamu uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa tatu, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, dari za boriti za mikoko, na vyumba vinne vinavyokodishwa kwa wageni wa wiki moja au mbili. Mwenyewe anakaa Mombasa. Mama aliyeitunza kwa miaka mingi alikuwa anapumzika kazi, na mahali pake akaajiriwa dada kutoka upande wa Malindi. Dada huyu kazi za nyumba anazijua vizuri, ila nyumba alizofanyia zote zilikuwa za tofali na saruji.

Mwenye nyumba alimwandalia kurasa nne zilizochapwa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kumkaribisha, na tatu zilizobaki zilikuwa orodha ya kazi yenye mistari 62. Ndani ya siku kumi yakatokea mambo matatu: siku ya kwanza dada alifika saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi, siku ya nne ukuta wa choo cha chini ukaliwa na dawa, na siku ya tisa pampu ya maji ikaungua. Ukitazama haraka utasema aliyeajiriwa ni mzembe. Ukizisoma zile karatasi nne, utaona kila kosa limeandikwa humo, au halimo kabisa mahali lilipotakiwa kuwamo.

La saa ni jepesi, lakini ndilo linalorudiwa na watu wengi. Orodha ilisema: "Kazi inaanza 8.00." Mwenye nyumba amezoea saa ya ofisini, na alipoandika tarakimu hiyo kichwani mwake ilikuwa asubuhi. Kwa msomaji wa Kiswahili, nane ni nane. Simu ikapigwa saa tatu asubuhi: "Dada, mbona hujafika?" Jibu likaja kwa upole: "Mama, si umeniandikia saa nane?" Dawa yake ni kuacha tarakimu tupu kwenye jambo la saa na kuandika kwa maneno, pamoja na sehemu ya siku: saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri. Hii inahusu pia saa ya wageni kuingia na kutoka. Mgeni akiambiwa kwa lugha yake atoke saa nne za Kiswahili, na dada akaandikiwa "10.00", dada atamsubiri mpaka saa kumi jioni.

Jambo la pili linahitaji kuelezwa pole pole, kwa sababu ndipo nyumba ya Lamu inapoachana na nyumba nyingine.

Mstari wa 23 ulisema: "Safisha choo kwa dawa ya choo, sakafu na kuta zing'ae." Choo cha chini kina bakuli la kauri, lakini sakafu na kuta zake hadi usawa wa kiuno ni chokaa iliyosuguliwa, na karibu na bomba palikuwa na madoa ya manjano. Dada akamimina dawa ya choo juu ya madoa. Ikatoa povu na kufoka kwa sauti, naye akadhani uchafu ndio unaotoka. Kumbe kilichokuwa kinatoka ni ukuta wenyewe. Dawa nyingi za bakuli la choo zina asidi kali, na chokaa iliyokwisha kukauka ukutani ni jamii moja na chaki. Asidi ikiigusa, chokaa huyeyuka na kutoa hewa, na hiyo hewa ndiyo povu aliloliona. Kesho yake sehemu yenye upana wa viganja viwili ilikuwa imeparuza kama msasa, na kwa kuwa imeparuza ikaanza kushika uchafu zaidi kuliko mwanzo. Siki na ndimu hufanya kazi hiyo hiyo, ila taratibu.

Mtu aliyefanya kazi kwenye nyumba za vigae hana njia ya kulijua hili kwa kubahatisha. Kwenye kigae dawa ile ile ingeleta sifa. Kwa hiyo orodha mpya haikuishia kusema "usitumie asidi", maana neno hilo halionekani kwa Kiswahili kwenye chupa nyingi. Ikaweka jaribio. Kwenye kopo jikoni kumewekwa vipande vya lipu ya zamani iliyobanduka darini. Chupa yoyote mpya ya kusafishia, kabla haijatumika popote, hudondoshewa kijiko kimoja cha chai juu ya kipande kimoja. Ikitoa povu, chupa hiyo hufungwa utepe mwekundu na kuandikwa: NDANI YA BAKULI TU. Isipotoa povu, haina ubaya na chokaa. Jaribio huchukua nusu dakika na halihitaji kusoma lugha yoyote.

Kuta za chokaa husafishwaje basi? Kwa brashi laini na kitambaa kilichokamuliwa, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande kidogo iliyoyeyushwa. Unga mweupe unaotokea chini ya kuta ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini. Huo haufutwi kwa maji hata kidogo, kwani maji huuyeyusha ukarudi ndani na kuibuka tena baada ya siku chache, mara nyingi ukiwa mwingi zaidi. Hupigwa brashi kavu, ukazolewa na kutupwa nje. Kuhusu ile sehemu iliyoliwa, fundi wa kwanza alitaka kuifunika kwa saruji. Bahati nzuri mama mzee, yule mtunza nyumba wa zamani, alikuwapo akamzuia. Saruji haipumui kama chokaa, hivyo unyevu ungehamia pembeni na kubandua lipu ya kando. Ilizibwa kwa chokaa na mchanga uliochujwa, ikanyunyiziwa maji siku kadhaa ili isikauke kwa haraka na kupasuka.

Kuna hatari nyingine kwenye mstari ule ule wa 23 ambayo safari hii haikutokea. Mstari wa 24 ulifuata hivi: "Kisha tia Jiki." Mtu akitii mistari miwili hiyo kama ilivyoandikwa, atamimina Jiki juu ya dawa yenye asidi ndani ya choo chenye tundu moja la dirisha, na mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini. Dalili zake ni harufu kali ya ghafla, macho kuwasha na kikohozi. La kufanya ni kutoka mara moja na kuacha mlango wazi, bila kurudi kuokoa ndoo. Kwenye orodha mpya vitu viwili hivyo havipo kwenye siku moja: dawa ya bakuli ni Jumatatu, Jiki ni siku nyingine, na kila kimoja kina brashi yake.

Vipimo vya Jiki navyo viliwekwa wazi. Ile iliyoandikwa asilimia 3.5 kwenye chupa, mililita 300 kwa maji lita 10 hutosha kufutia vigae, sinki na vitasa. Mahali palipomwagika damu au matapishi huwa kikombe kimoja cha Jiki kwa vikombe sita vya maji, na huachwa dakika kumi kabla ya kufutwa. Mililita 300 ni ujazo wa chupa ya soda ya kioo, hivyo ni rahisi kuuelewa. Lakini chupa yenyewe ya soda isitumike kupimia wala kuhifadhia, kwani mtoto au mgeni akiikuta haoni tofauti. Kwenye jagi la plastiki pamechorwa mstari mmoja wa kalamu isiyofutika, basi. Maji yaliyochanganywa hutumika siku hiyo hiyo, maana yakilala hupoteza nguvu, na kwenye joto hupoteza haraka.

Kosa la tatu, pampu, ni la mstari ambao haukuwapo. Nyumba hii ina maji ya aina mbili. Maji ya kisima yana chumvi, na hutumika kusukumia choo na kuoshea kiwanda. Maji matamu ya mfereji huja kwa saa zake na kuingia kwenye tangi la chini, kisha pampu huyapandisha kwenye tangi la lita 1000 lililo darini. Orodha ya zamani ilisema tu: "Hakikisha kuna maji wakati wote." Dada akaona bomba la juu limekauka, akawasha pampu kwa swichi na kwenda kutandika vitanda. Tangi la chini lilikuwa tupu. Pampu ya aina hii hupozwa na maji yanayopita ndani yake, na ikizunguka kavu sili yake hupata moto na kuharibika. Alirudi baada ya dakika arobaini akakuta harufu ya mpira ulioungua.

"Hakikisha" ni neno baya kwenye orodha ya kazi. Linamtwika mtu matokeo bila kumpa hatua. Mahali pake pakawekwa kadi moja, imetiwa ndani ya plastiki kwa sababu ya unyevu wa bahari, ikabandikwa ukutani kando ya swichi. Maneno yake ni haya:

"1. Fungua mfuniko wa tangi la chini. Tazama kijiti kilichopakwa rangi.
2. Maji yako chini ya alama nyekundu: USIWASHE. Piga simu.
3. Maji yako juu ya alama: washa. Weka kengele ya simu dakika 30.
4. Subiri hapa mpaka usikie maji yakiingia tangi la darini. Ikipita dakika 2 bila sauti, zima. Piga simu.
5. Kengele ikilia, zima. Usiiache inafanya kazi ukitoka nyumbani."

Dakika 30 hazikuchaguliwa hivi hivi. Mpira wa tangi la juu ulichomolewa, ukatiwa kwenye ndoo ya lita 20, ikajaa kwa sekunde 40. Hiyo ni lita 30 kwa dakika, kwa hiyo tangi tupu la lita 1000 lingejaa kwa dakika 33 na kidogo. Nusu saa huacha nafasi juu, maji hayamwagiki kwenye paa la chokaa na kupenya kwenye boriti. Nyumba nyingine ina pampu nyingine na urefu mwingine, kwa hiyo namba hii isinakiliwe. Kinachofaa kunakiliwa ni ile ndoo na saa ya kuhesabia sekunde.

Maji mawili haya yana athari kwenye nguo pia. Shuka zikifuliwa kwa maji ya kisima sabuni haitoki povu, mtu anazidisha unga, na shuka zikikauka zinakuwa ngumu na kuanza kugeuka rangi. Ubaya mkubwa zaidi ni mafuta ya kujipaka juani wanayotumia wageni. Baadhi yake yakikutana na madini ya chuma yaliyomo majini huacha madoa ya rangi ya kutu, na Jiki huyakoleza badala ya kuyaondoa. Kwa hiyo mto au shuka yenye doa la mafuta hupakwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwanza, ikakaa robo saa, ikafuliwa kwa maji matamu, bila Jiki. Doa likishakuwa la kutu, ndimu na chumvi, kisha juani. Naam, ndimu ile ile iliyokatazwa ukutani. Ndiyo maana amri za jumla kama "usitumie ndimu" hazifai: kila katazo lazima litaje mahali pake.

Baada ya siku ya kumi mwenye nyumba akapanda basi mpaka Mokowe, akavuka kwa boti, na akafanya jambo ambalo lingefaa kufanywa mwanzo. Alizunguka nyumba kwa saa mbili pamoja na mama mzee na dada mpya, kutoka daka la mlangoni mpaka darini, huku kila kitu kinachohitaji maelezo kikiandikwa papo hapo. Kati ya mistari 62, zaidi ya 40 ilifutwa kwa sababu ilikuwa inamfundisha mtu mzima kufagia. Mambo kumi na moja mapya yaliingia, na yote yalikuwa kichwani mwa mama mzee peke yake.

Moja ni birika la choo cha juu. Ndani yake mna samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, desturi ya zamani ya nyumba za Lamu. Orodha ya kwanza ilisema "safisha birika kwa Jiki kila wiki". Jingine ni unga wa mbao. Ukiona unga laini sakafuni chini ya boriti, rundo dogo kama la tumbaku, usiufagie kabla ya kuupiga picha na kutazama boriti iliyo juu yake. Ukifagia kila asubuhi bila kusema, wadudu watakula miezi sita na hakuna atakayejua. Na vyandarua: vile vilivyotiwa dawa hufuliwa kwa sabuni laini tu, bila Jiki, na huanikwa kivulini kwa sababu jua huua dawa.

Maneno nayo yalisumbua. "Fagia kiwanda kila siku" lilimwacha dada akitafuta kiwanda kilipo, maana kwao kiwanda ni mahali pa mashine, na ua wa ndani wa nyumba ni ua tu. "Safisha dari" mwenye nyumba alikusudia kupangusa utando wa buibui kwenye boriti, lakini mama mzee akilisikia neno hilo hupanda juu kabisa kwenye paa. Wote wawili wana haki. Ikaamuliwa kila chumba kipewe jina moja, liandikwe kwa chaki juu ya mlango kwa mwezi wa kwanza, na jina hilo hilo litumike kwenye kadi zote. Mahali pa dari ya boriti pakaandikwa "boriti", na mahali pa paa pakaandikwa "juu darini".

Barua ya kumkaribisha ya zamani ilikuwa na aya tano. Ilimwita "mwanafamilia", ikamsifu kabla hajafanya kazi hata siku moja, na haikutaja mshahara. Mtu anayeanza kazi kwenye nyumba ya watu ana maswali ambayo kwa adabu hatayauliza: nitalipwa lini, nikivunja kitu itakuwaje, nikiugua, nikila nile nini, niswali wapi. Barua mpya ilijibu hayo yote, na inatosha kunakiliwa hapa nzima:

"Karibu, Dada ______.

Kazi yako ni kutunza nyumba hii na vyumba vinne vya wageni. Utaanza saa mbili asubuhi na kutoka saa tisa alasiri. Saa sita na nusu utapumzika nusu saa. Siku yako ya mapumziko ni Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani utatoka saa nane mchana, mshahara ni ule ule.

Mshahara wako ni shilingi ______ (kwa maneno: ______) kwa mwezi. Utaupata tarehe 28 kwa M-Pesa, pamoja na karatasi inayoonyesha makato ya NSSF na SHA na mengine ya kisheria. Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Katika muda huo, mmoja wetu akitaka kuacha, atamwambia mwenzake siku saba kabla.

Chakula cha mchana ni cha nyumba. Kula ulichopika, usingoje mabaki ya wageni. Chumba cha chini karibu na ngazi ni chako: pana ndoano, kufuli, mkeka na mswala.

Ukivunja kitu kwa bahati mbaya, hutakatwa. Niambie siku hiyo hiyo, weka vipande kwenye kopo la jikoni.

Ukiugua, piga simu kabla ya saa moja asubuhi. Usije kazini unahara au una homa.

Mgeni akiwa ndani, piga hodi mara tatu na usubiri. Akikuitikia, ingia na uache mlango wazi. Mgeni akikufanya usijisikie salama, toka, nenda kwa jirani wa mlango wa kijani, kisha nipigie. Hutaulizwa kwa nini uliacha kazi.

Kitu cha mgeni ukikiokota, hata shilingi kumi, tia kwenye mfuko, andika chumba na siku, weka kwenye kabati la jikoni.

Namba zangu: ______. Namba ya Mama (aliyekuwapo kabla yako): ______. Amekubali kupigiwa."

Maneno yake yanahesabika kwenye ukurasa mmoja, na kila sentensi ina kazi. Ile ya vyombo kuvunjika ndiyo iliyobishaniwa zaidi, kwani orodha ya zamani ilisema "kila kitu kikivunjika kitakatwa kwenye mshahara". Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Glasi iliyoteleza kwenye maji ya sabuni si makusudi. Na ukiacha sheria, nyumba inayokata mshahara kwa kila glasi haipunguzi glasi zinazovunjika. Inapunguza glasi zinazoripotiwa, na mgeni ndiye anayegundua kipande kwa mguu.

Sheria hiyo hiyo inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na asiyeweza kuusoma aelezwe kwa lugha anayoielewa. Inampa pia siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo baada ya miezi kumi na miwili. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita mwanzoni, na ndani yake notisi ni siku saba. Barua ya kumkaribisha haichukui nafasi ya mkataba. Mkataba hutiwa saini na wote wawili, nakala mbili, na barua hubaki kuwa ile inayosomeka jikoni.

Orodha yenyewe haikubaki kuwa orodha moja. Kadi ya pampu iko kwenye pampu, kadi ya Jiki iko ndani ya mlango wa kabati la sabuni, kadi ya gesi iko juu ya mtungi (fungua mtungini kwanza, kisha jiko; ukimaliza, funga mtungini kwanza, na ukisikia harufu paka povu la sabuni kwenye mpira, usiwashe kiberiti kutafuta). Karatasi aliyopewa mkononi ilikuwa ya wiki ya kwanza tu:

"Siku ya 1: Zunguka nyumba na Mama. Pokea funguo tano, kila moja ina rangi ya mlango wake. Usisafishe kitu.
Siku ya 2: Chumba kimoja pamoja na Mama. Fanya jaribio la povu kwenye chupa zote.
Siku ya 3: Chumba hicho hicho peke yako, Mama atazame. Washa pampu ukisoma kadi kwa sauti.
Siku ya 4 na 5: Vyumba viwili. Fua shuka jozi mbili kwa maji matamu.
Siku ya 6: Nyumba nzima. Andika kilichokushinda."

Siku ya kwanza ya kutosafisha kitu iliwashangaza wote. Sababu yake ni kwamba mtu akiwa na ufagio mkononi husikia nusu. Na mama mzee alilipwa kwa siku hizo sita, jambo ambalo wenye nyumba wengi hulisahau: wanamwomba anayeondoka amfundishe anayekuja, bure, halafu wanashangaa mafunzo yakiisha kwa saa moja.

Kuna jambo moja la usemi ambalo halimo kwenye karatasi yoyote, na lilileta tofauti kubwa. Mwanzoni, kila baada ya maelezo mwenye nyumba aliuliza kwa simu, "Umeelewa, Dada?" Jibu lilikuwa "Ndiyo, Mama" kila mara. Kusema hujaelewa mbele ya aliyekuajiri, tena mkubwa kwako, huonekana utovu wa adabu. Mara ya pili swali hilo halikuulizwa. Mama mzee alisema tu, "Haya mwanangu, nionyeshe," na kwenye pampu dada akaenda moja kwa moja kwenye swichi. Hakufungua mfuniko. Kadi ilikuwa imebandikwa upande wa kulia wa swichi, na mlango wa kijumba cha pampu ukifunguliwa huifunika. Ikahamishwa kushoto, usawa wa macho yake, na kijiti chenye alama nyekundu kikafungwa kwa kamba kwenye swichi yenyewe, ili mtu asiweze kuiwasha bila kukishika kwanza.